Barua ya tarehe 10: jinsi ya kuwaandikia wawekezaji wako kila mwezi

Mwekezaji aliyeweka pesa kwenye biashara yako Nakuru au Kisumu mara nyingi haioni biashara hiyo kwa macho. Yuko Nairobi, au ng'ambo, na ana kampuni nyingine kadhaa za kufuatilia. Anachojua kukuhusu ni kile unachomwandikia. Usipoandika, atajaza pengo mwenyewe, na watu wakijaza pengo la habari za pesa zao huwa hawalijazi na mazuri.

Mwongozo huu unahusu baruapepe moja ya kila mwezi: inayosomeka kwenye simu kwa dakika tatu hivi, yenye namba tano, ushindi mmoja au mawili, tatizo lililoelezwa hadi chanzo chake, na ombi moja tu. Nitatumia mfano wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Ni kampuni inayokusanya maziwa ya wakulima wa Njoro, Molo na Elburgon, inayatengeneza yogati na mala, kisha inauza kwa maduka, shule na hoteli za Nakuru. Mwezi wetu ni Februari, msimu wa kiangazi, wakati nyasi zimekauka na bei ya maziwa shambani imepanda. Nimeuchagua mwezi mbaya makusudi, kwa sababu mwezi mzuri hujiandika wenyewe.

Weka tarehe, kisha funga hesabu

Chagua siku moja ya mwezi na usiisogeze. Mimi napendelea tarehe 10. Makato ya wafanyakazi, yaani PAYE, NSSF na SHIF, hulipwa kufikia tarehe 9, kwa hivyo tarehe 10 mishahara na makato ya mwezi uliopita vimeshakaa sawa kwenye vitabu. Ukingoja hadi tarehe 25, unawapa watu habari za kale, na ushauri watakaokupa utakuwa wa hali iliyokwisha badilika.

Kazi ya kwanza ni kupakua taarifa za benki na za till ya M-Pesa za mwezi mzima. Hapa pana mtego ambao hunasa biashara nyingi za kwetu. Pesa iliyolipwa kwenye till halafu ikahamishwa kwenda benki inaonekana mara mbili: imeingia kwenye till, na imeingia benki. Ukijumlisha pesa zote "zilizoingia" katika taarifa hizo mbili, mapato yako yanavimba bila wewe kudanganya mtu. Pitia taarifa ya benki, weka alama kila mstari unaotoka kwenye till yako mwenyewe, na uuondoe. Ondoa vilevile mkopo, pesa za mwekezaji na pesa ulizoweka wewe mwenyewe kutoka mfukoni. Hizo zimeingia, ndiyo, lakini hakuna mteja aliyezilipa.

Kisha tafuta kiasi cha pesa ambacho kweli ni chako. Tarehe 28 Februari, kampuni yetu ya mfano ina shilingi 4,560,000 benki na M-Pesa kwa pamoja. Lakini wakulima hulipwa tarehe 10 kwa maziwa ya mwezi uliopita, na wanadai 885,000. Makato ya serikali ambayo hayajalipwa ni 75,000. Toa 960,000, unabaki na 3,600,000. Hiyo ndiyo namba ya kuandika. Biashara yoyote inayolipa wakulima au wavuvi baada ya mwezi kuisha hulala na pesa za watu ndani ya akaunti yake, na kuzihesabu kama zako kunakufanya uonekane tajiri kwa siku kumi tu.

Namba tano, zilezile kila mwezi

Usipeleke namba ishirini. Chagua tano zinazoonyesha kama biashara inapumua, andika maana ya kila moja mahali, na usibadilishe maana hiyo kimyakimya. Kampuni ya maziwa itatumia hizi: mauzo, faida ghafi, madeni ya wateja, pesa iliyopo na miezi iliyobaki kabla pesa hiyo haijaisha. Biashara ya samaki Kisumu ingeweza kuweka kilo zilizoharibika mahali pa mojawapo, na kampuni ya programu ingeweka wateja walioondoka. Ila pesa iliyopo na miezi iliyobaki hazikosekani kwa yeyote.

Sasa tuzifanyie kazi namba zenyewe, kwa sababu hapa ndipo barua nyingi huharibika.

Januari mauzo yalikuwa 2,100,000. Februari ni 1,900,000. Kwa haraka utaandika "mauzo yameshuka kwa asilimia 9.5" na kuanza kueleza kiangazi. Ngoja kwanza. Januari ina siku 31, Februari siku 28. Gawanya: Januari ni takriban 67,700 kwa siku, Februari takriban 67,900. Mauzo hayajashuka hata kidogo. Ni kalenda. Mwekezaji mzoefu ataigundua hesabu hiyo, na akikukuta umetunga maelezo marefu ya kiangazi kwa jambo ambalo halikutokea, atasoma kila maelezo yako kwa shaka. Kwa biashara inayouza kila siku, andika mauzo ya mwezi na ya siku kwa pamoja.

Kilichoharibika kiko kwenye faida ghafi, yaani kinachobaki baada ya kutoa gharama za moja kwa moja: maziwa, vikombe, chachu ya yogati, usafiri wa kukusanya, umeme na kuni za kupasha. Januari ilikuwa 630,000, asilimia 30 ya mauzo. Februari ni 475,000, asilimia 25. Shuka hadi kwenye lita moja ujue kwa nini. Kampuni inauza lita kwa wastani wa shilingi 120. Gharama zisizo za maziwa ni kama 34 kwa lita. Januari maziwa yalinunuliwa kwa 50, ikabaki 36. Februari yalinunuliwa kwa 56, ikabaki 30. Shilingi sita tu za kiangazi zimekula pointi tano za faida. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko ukurasa mzima wa "hali ngumu ya soko", kwa sababu inamwonyesha msomaji jambo lipi likirekebishwa mambo yatatulia.

Kabla ya kufika kwenye miezi iliyobaki, tafuta pesa iliyopungua katika mwezi. Februari gharama zote, za moja kwa moja na za ofisi, zilikuwa 2,150,000. Wateja walilipa 1,550,000. Pengo ni 600,000. Ukiiacha hivyo, inatisha. Ichambue: hasara yenyewe ya kuendesha biashara ni 250,000, kwa sababu faida ghafi ya 475,000 haikutosha gharama za ofisi za 725,000. Zile 350,000 nyingine hazikupotea, ziko kwa wateja. Madeni yao yamepanda kutoka 480,000 hadi 830,000, na 610,000 kati ya hizo zinadaiwa shule nne ambazo hulipa muhula ukiisha. Haya ni magonjwa mawili tofauti yenye dawa tofauti. La kwanza linatibiwa kwa bei, la pili kwa kuchagua mteja. Barua isiyoyatenganisha itakuletea ushauri wa "punguza gharama" kutoka kwa watu watano, na hautakusaidia.

Mwisho, miezi iliyobaki. Tumia wastani wa miezi mitatu badala ya mwezi mmoja, maana mwezi mmoja hudanganya. Pesa ilipungua 350,000 Desemba, 400,000 Januari na 600,000 Februari. Wastani ni 450,000. Kwenye Excel, ikiwa pesa iliyopo iko B5 na pesa iliyopungua ya miezi mitatu iko C2 hadi C4:

```
=B5/AVERAGE(C2:C4)
```

Jibu ni miezi 8. Lakini kwa mwendo wa Februari peke yake ni miezi 6. Namba hizi mbili zikipishana, andika zote. Ukiandika 8 peke yake unaficha kwamba mwendo umekuwa mbaya. Ukiandika 6 peke yake, unamtisha mtu kwa deni la shule ambalo huenda likalipwa Aprili. Na pesa za uwekezaji ambazo bado zinazungumziwa zisiingie kwenye hesabu hii kabisa, hata kama mmepeana mikono.

Ushindi uwe na ushahidi

Sehemu hii iwe fupi. Ushindi wa kuandika ni jambo lililokwisha tokea na lililoacha alama kwenye namba. Kuhudhuria kongamano, kupigwa picha na mheshimiwa au "kufanya mazungumzo mazuri" na supamaketi havimo. Mazungumzo yaandike siku yatakapozaa oda.

Kampuni yetu inao mmoja wa kweli. Zamani maziwa yalipimwa yakifika kiwandani, mkebe wa mkulima mmoja ukiwa umeshachanganywa na ya wengine njiani. Mwezi Februari waliwapa wakusanyaji chupa ya alkoholi na laktomita, kifaa cha kugundua maziwa yaliyoongezwa maji, wakapima pale pale barabarani Elburgon: maziwa yakiganda vipande kwenye alkoholi, mkebe unarudi nyumbani na mwenyewe anaona. Maziwa yaliyomwagwa kiwandani yakashuka kutoka lita 620 hadi 210. Kwa shilingi 56 kwa lita, ni kama 23,000 zilizookolewa. Si pesa nyingi, lakini zinaonyesha timu iliyoona tundu na kuliziba, na hilo ndilo mwekezaji anatafuta kati ya mistari.

Tatizo: kilichotokea, chanzo, hatua, tarehe

Andika tatizo kwa mpangilio huo na usizidishe mawili. Ukiandika saba, msomaji hajui lipi linakunyima usingizi. Kila tatizo liwe na hatua iliyokwisha chukuliwa au yenye tarehe, na mtu anayeisimamia. "Tunafuatilia madeni" si hatua. "Kuanzia tarehe 1 Machi, shule mbili zinapata nusu ya oda hadi zilipe nusu ya deni" ni hatua.

Usitaje jina la mdaiwa. Barua hizi husambazwa, na mwekezaji wako anaweza kuwa anakaa kwenye bodi ya shule hiyohiyo. "Shule nne" inatosha.

Kuna habari ambazo hazifai kusomwa kwa mara ya kwanza kwenye barua ya mwezi: mshirika mwenza ameondoka, pesa iliyobaki ni ya chini ya miezi mitatu, umeshtakiwa, au kuna wizi ndani. Hizo pigia simu wawekezaji wakubwa kwanza, siku hiyohiyo, halafu barua iziweke kwenye maandishi. Na ikiwa unataka kukopa au kuuza hisa mpya, soma mkataba wenu kabla ya kuandika. Mara nyingi mambo hayo yanahitaji idhini rasmi, na kuyataja kwenye barua si kuomba idhini.

Ombi moja, la mtu mmoja, linaloweza kusambazwa

Hii ndiyo sehemu inayolipa gharama ya barua nzima, na ndiyo hupewa akili kidogo zaidi. "Tutashukuru kwa msaada wowote" haiombi kitu. Msomaji anakutakia heri na kufunga simu. Maombi matano nayo hayafai, maana kila mtu anadhani mwenzake atashika moja.

Ombi litoke kwenye tatizo. Angalia mfano wetu. Wazo la haraka ni kuomba "wateja zaidi". Lakini Februari maziwa ni ghali, na kila lita ya ziada inabakisha shilingi 30 tu. Mteja mwingine wa kulipa baada ya miezi mitatu atazidisha tatizo. Kinachohitajika ni mteja anayelipa haraka, wa kuchukua lita zilezile zinazokwenda shule sasa. Naivasha, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Nakuru, kuna mashamba ya maua yanayolisha wafanyakazi mchana. Kantini moja ikichukua lita 100 kwa siku kwa bei ya 120, ni 360,000 kwa mwezi, zaidi kidogo ya zile 350,000 ambazo madeni ya wateja yaliongezeka Februari. Hapo una ombi: nani anamjua msimamizi wa kantini ya shamba la maua Naivasha?

Lipime kwa maswali haya. Msomaji anaweza kujua ndani ya sekunde kumi kama anamjua mtu huyo? Anaweza kulitimiza kwa kusambaza ujumbe bila kuandika chochote kipya? Lina tarehe ya mwisho? Likishindwa moja, liandike upya. Na mwandikie kabisa aya ya kusambaza, kwa sauti ya mtu anayekutambulisha. Mwekezaji mwenye shughuli atanakili na kutuma akiwa kwenye matatu. Akilazimika kutunga mwenyewe, ataahirisha hadi asahau.

Barua yenyewe

Andika maneno ndani ya barua, si kwenye kiambatisho cha PDF. Watu wanasoma kwenye simu, na kiambatisho huachwa "cha baadaye". Weka anwani za wawekezaji kwenye Bcc ili mmoja akijibu asiwajibu wote. Kichwa kibebe habari. Hii hapa ya Februari:

> Ripoti ya Februari: pesa ya miezi 8, maziwa yamepanda bei, ombi moja la Naivasha
>
> Hamjambo nyote,
>
> Kwa ufupi: mauzo kwa siku hayajabadilika, lakini faida ghafi imeshuka hadi asilimia 25 kwa sababu ya bei ya maziwa, na shule zimechelewa kulipa. Ombi letu liko chini.
>
> Namba (Januari kwenye mabano)
> Mauzo: 1,900,000 (2,100,000). Kwa siku: 67,900 (67,700)
> Faida ghafi: 475,000, asilimia 25 (630,000, asilimia 30)
> Madeni ya wateja: 830,000 (480,000)
> Pesa iliyopo, baada ya kutoa ya wakulima na makato: 3,600,000 (4,200,000)
> Miezi iliyobaki: 8 kwa wastani wa miezi mitatu, 6 kwa mwendo wa Februari
>
> Kilichofaulu
> Tunapima maziwa barabarani kabla ya kuchanganya. Yaliyomwagwa yameshuka kutoka lita 620 hadi 210.
>
> Matatizo
> 1. Kiangazi kimepandisha maziwa kutoka shilingi 50 hadi 56 kwa lita. Kuanzia tarehe 15 Machi, yogati ya nusu lita itapanda kwa maduka kutoka 70 hadi 74. Yogati hiyo ya maduka ni nusu ya lita tunazouza, kwa hivyo tutarudisha kama shilingi 4 kati ya 6. Mkuu wa mauzo anasimamia. Mwezi ujao tutaleta idadi ya maduka yaliyopunguza oda.
> 2. Shule nne zinadaiwa 610,000. Mbili zimepunguziwa oda kwa nusu kuanzia tarehe 1 Machi hadi zilipe nusu ya deni.
>
> Ombi la mwezi huu
> Tunatafuta msimamizi wa kantini ya shamba la maua Naivasha anayeweza kununua lita 100 kwa siku na kulipa ndani ya siku 7. Kama unamjua mmoja, tafadhali mtumie aya hii kabla ya tarehe 20 Machi:
>
> "Nakutambulisha kwa kampuni ya Nakuru ambayo nimewekeza. Wanatengeneza mala na yogati ya maziwa ya Njoro na Molo, na wanaweza kukuletea Naivasha kila asubuhi. Wangependa kukuletea sampuli bila malipo wiki ijayo. Je, niwape namba yako?"
>
> Ombi la Januari lilikuwa fundi wa mashine ya kupozea. Mmoja wenu alimleta, na mashine inafanya kazi. Asante sana.

Ona kwamba barua inataja ombi la mwezi uliopita na matokeo yake. Usiache mstari huo. Watu husaidia tena wakiona msaada wao ulifika mahali. Kama hakuna aliyesaidia, andika mlivyojitatulia, bila kulaumu mtu.

Kama wawekezaji wako husoma Kiingereza, mpangilio unabaki huu huu. Mtu ambaye bado hajawekeza mwandikie nakala nyingine isiyo na pesa iliyopo wala miezi iliyobaki. Namba hizo zikitoka nje humpa nguvu yule mtakayekaa naye kuzungumzia bei ya hisa.

Baada ya kutuma

Jibu kila aliyejibu siku hiyohiyo, hata kwa mistari miwili. Asiyejibu usimhesabu kwamba hajasoma. Wengi husoma na kunyamaza. Ukifika katikati ya muda wa ombi bila mtu, chagua wawekezaji wawili wenye uhusiano na Naivasha na uwapigie simu, ukianza na yule aliyewahi kufanya kazi kwenye kilimo. Ukigundua baada ya kutuma kwamba namba moja ilikuwa na kosa, tuma masahihisho ya mstari mmoja mara moja, ukitaja namba ya zamani na mpya, bila kungoja mwezi ujao.

Fungua pia faili moja ya kuweka barua zote kwa mpangilio wa tarehe. Siku utakapotafuta pesa tena, mwekezaji mpya akiuliza mlipitaje kiangazi, utamtolea barua za Januari hadi Aprili zilizoandikwa wakati jambo lenyewe likitokea, na atasoma hatua ya bei, hatua ya shule na matokeo ya kila moja katika mwezi uliofuata.